Je, wajua kwa nini ua la kitenge huchorwa kabla ya gauni?

"Nataka kuonyesha gauni la kitenge ambacho bado hakijachapishwa. Kwa nini nisiiachie kompyuta ichore nakshi moja kwa moja juu ya gauni lililo kwenye picha?"

Kwa sababu utapata picha ya gauni bila kupata kitambaa. Modeli ya kuchora picha hubuni upya kila sehemu: ua la kifuani lina petali sita, la pajani saba, na lile la kwapani limeyeyuka. Kitenge ni ua lile lile linalorudi kwa kipimo kile kile, na jicho la fundi hulitambua kosa hilo mara moja. Tena mteja akisema nichapishie doti tano, huna cha kupeleka kiwandani. Ndiyo maana huanza kigae, yaani kipande kimoja cha mraba kinachoweza kupangwa pande zote bila mshono kuonekana, kisha kigae hicho huvishwa gauni.

Kigae chenyewe nilikielewa vibaya kwa muda mrefu. Niliamini kwamba mshono hufichwa kwa kufifisha kingo, nikafifisha zote nne. Nilipovipanga vigae, kitambaa kizima kikaonekana kama dirisha la nondo lenye ukungu. Nikajaribu kugeuza kila kigae kama kwenye kioo ili kingo zifanane. Mshono ulitoweka kweli, lakini kila jani likapata pacha wa kutazamana naye, na mistari ya katikati yao ikawa ndicho kitu cha kwanza kuonekana.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba kingo zinapaswa kufanana. Zinapaswa kuendeleana. Mtazame msusi wa kikapu chenye nakshi: anazunguka, na anapofika alipoanzia, pembe ya mwisho ya nakshi lazima iingie kwenye pembe ya kwanza. Ndiyo maana huhesabu nyuzi mapema. Kigae nacho ni kikapu kilichokunjuliwa. Jani likikatwa kwenye ukingo wa kulia, nusu yake ya pili inatokea ukingo wa kushoto, kwenye kimo kile kile. Na la juu linamalizikia chini vivyo hivyo.

Ukitumia Photoshop, chukua kigae cha pikseli 1024, fungua Filter > Other > Offset, weka 512 kwa kila upande na uchague Wrap Around. Kingo za zamani zinakutana katikati na mshono unajitokeza kama msalaba. Rekebisha msalaba huo tu. Kingo mpya usiziguse, kwani muda mfupi uliopita zilikuwa majirani ndani ya picha, hivyo tayari zinaendeleana. Baadhi ya programu za Stable Diffusion, modeli ya kuchora picha, zina kisanduku cha Tiling kinachofanya jambo hili tangu mwanzo: modeli inapochora ukingo wa kulia, jirani inayemtazama ni ukingo wa kushoto.

Hata hivyo, kutokuwa na mshono hakutoshi. Ua moja jeusi kuliko mengine litajipanga safu kitambaa kizima. Panga vigae tisa, vitazame kwa mbali, na safu hizo zitajitokeza.

Kwenye gauni, anza na kipimo. Tuseme mabega ya mvaaji ni sentimita 40 na kwenye picha yanachukua pikseli 800: kila sentimita ni pikseli 20. Nakshi inayojirudia kila sentimita 30 lazima basi iwe na pikseli 600. Ukikisia, kitenge kinageuka pazia.

Kisha mikunjo. Piga picha ya gauni jeupe, kisha uweke nakshi juu ya picha hiyo kwa hali ya Multiply ili vivuli vipenye. Vivuli peke yake huacha maua yamenyooka kama karatasi iliyobandikwa, kwa hiyo tumia Filter > Distort > Displace pamoja na nakala ya kijivu ya gauni. Kijivu cha 128 hakisogezi kitu. Penye mwanga zaidi nakshi husogea upande mmoja, penye giza upande wa pili. Nakala hiyo ififishe kidogo kwanza, la sivyo kila uzi wa kitambaa utaifanya nakshi itetemeke.

Njia hii huchukulia mwanga kuwa ndio kina, jambo ambalo si kweli daima. Doa la chai litapinda maua kana kwamba ni bonde. Mikono nayo hukatwa kando na kushonwa, hivyo iwekee nakshi yake, ukiizungusha kufuata mkono. Ua likivuka mshono wa bega bila kukatika, fundi atajua kuwa gauni hilo halijawahi kushonwa. Na kanga haiingii kabisa kwenye utaratibu huu: ina pindo, mji na jina, kila kimoja mahali pake, kwa hiyo huchorwa nzima.