Unyayo unaopiga chini “pa” si kutegewa

Kuna ujumbe unaosambazwa: “Mguu ukianza kuburuta ghafla, umekanyaga ulichotegewa. Uchue kwa mafuta ya moto, usiende hospitali.”

Mara nyingi tatizo ni mshipa wa fahamu unaopita juu ya mfupa, chini kidogo ya goti upande wa nje. Hapo umefunikwa na ngozi tu. Mtu akichuchumaa shambani kutwa nzima, au akifungwa plasta inayobana, mshipa hugandamizwa na misuli inayonyanyua unyayo hulegea. Kwa kuwa mara nyingi hakuna maumivu wala jeraha, watu huhisi uchawi.

Jaribu kusimama kwa visigino huku umeshika ukuta. Upande ulioathirika, vidole havinyanyuki, na juu ya unyayo huwa na ganzi. Ganzi hiyo ndiyo hufanya mafuta ya moto yaunguze bila mtu kujua.

Mgandamizo mdogo hupona kwa wiki au miezi. Wakati huo kishikizo cha kifundo huzuia kujikwaa, na kuvuta unyayo kwa taulo huzuia kano ya kisigino isikaze. Ila mkono ukilegea pia, mdomo ukipinda, au mkojo ukizuilika, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Unawachelewesha wenye kiharusi.