Mistari ya Waifai Haipimi Kasi

"Waifai inaonyesha mistari yote, mbona intaneti inakokota?" anauliza mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini Lindi.

Mistari hiyo hupima nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu, wala haisemi lolote kuhusu msongamano uliopo hewani. Kwanza kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya; kasi ikirudi, kama ilivyorudi dukani hapo, tatizo liko hewani. Programu ya kuchunguza waifai ilionyesha ruta yake ikiwa chaneli ya 4, huku za majirani zikiwa 1 na 6. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli yenye upana wa megahezi 20 huingilia zile za kando yake, hivyo ya 4 iligongana na zote mbili. Ni afadhali hata kutumia chaneli moja na jirani, kwa kuwa ruta husikilizana na kupeana zamu. Zikiingiliana nusunusu, kila moja huisikia nyingine kama kelele tu, na data hulazimika kutumwa upya. Tuliihamishia 11, iliyokuwa wazi.

Kasi ikizorota wakati wa kupasha chakula tu, chunguza maikrowevu, inayotumia masafa hayohayo. Hapo hamia gigahezi 5, ingawa hupenya kuta kwa shida zaidi.