Robo ya wimbi lipi?

"Mwanga wa kijani una wimbi la nanomita 550. Si utando unaopakwa kwenye lenzi ili kupunguza mwanga unaorudi uwe na unene wa robo yake, yaani 137.5?"

Hapana, kwa sababu wimbi hufupika likiingia ndani ya utando. Katika magnesiamu floraidi, dutu inayopakwa kuwa utando huo, ambamo kasi ya mwanga hugawanywa kwa 1.38, nanomita 550 huwa karibu 399, na robo yake ni 100. Hapo mwanga unaorudishwa na kioo huwa umesafiri nusu wimbi zaidi ya ule unaorudi juu ya utando, na mawimbi hayo hupingana.

Ukipaka 137.5, unaofifishwa vizuri ni mwanga wa nanomita 759, wekundu ambao jicho haliuoni kwa urahisi. Lenzi iliyopakwa sawasawa, ukiitazama chini ya taa nyeupe, hutoa mng'ao wa zambarau: kijani ndicho kilichopungua.