Laini ikidai PUK, kuizima simu hakusaidii

"Laini yangu inadai PUK. Nikiizima simu hadi kesho, au nikiiweka kwenye simu nyingine, itafunguka?"

Hapana. Hesabu ya makosa ya PIN huandikwa ndani ya chipu ya laini yenyewe, si kwenye simu, kwa hiyo huhama nayo na haifutwi kwa kuzima wala kusubiri. Ukikosea PIN mara 3 mfululizo, chipu hujifunga ili aliyeiokota asijaribu namba zote.

PUK, namba ya kuifungua chipu hiyo, ina tarakimu 8. Itafute kwenye kadi ya plastiki iliyobeba laini, au uipate kwa mtandao wako ukiwa na kitambulisho. Iandike kwenye skrini inayoidai. Simu nyingi hukubali pia kupigwa hivi, tuseme PUK ni 40718265 na PIN mpya 739204:

```
**05*40718265*739204*739204#
```

Usibahatishe PUK: ukikosea mara 10, laini hufa kabisa, ubaki kuomba nyingine yenye namba ileile.

PIN ya laini hukubali tarakimu 4 hadi 8. Chagua 6 zisizo tarehe wala mwaka wa kuzaliwa, na isiwe ile ya pesa za simu.