Kiporo cha wali kwa mzee: kwa nini kupasha moto hakutoshi

Wali uliobaki jana ukipashwa asubuhi na kuliwa na chai, kijana mwenye afya mara nyingi hana shida. Likimkuta la kumkuta, atatapika, ataharisha, na kesho yake yuko kazini. Tahadhari tunayoieleza hapa ni ya mzee wa miaka 65 na kuendelea, na pia ya mtu anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa figo, au anayeishi na VVU ambaye kinga yake bado iko chini. Umri ukisogea, asidi ya tumboni inayoua vijidudu mara nyingi hupungua, na dawa za vidonda vya tumbo huipunguza zaidi. Tena mzee hahisi kiu upesi, kwa hiyo akiharisha maji humwishia mwilini kabla hajaomba hata kikombe.

Kiporo tunachokihofia zaidi ni wali. Mchele hutoka shambani ukiwa na bakteria wa udongoni ambao hujifungia katika ganda gumu, na ganda hilo halifi kwa kuchemka. Sufuria ikikaa mezani ikiwa vuguvugu, bakteria hao huamka, huzaana na kuacha sumu ndani ya wali. Sumu inayosababisha kutapika haiharibiki kwa moto wa jikoni. Unaweza kuupasha wali hadi ukoko ushike, bakteria wakafa wote, na mlaji akaanza kutapika ndani ya saa moja hadi sita. Pua nayo haisaidii. Wali wa nazi uliochacha utaujua kwa harufu, lakini wali wenye sumu hii unaweza kunukia vizuri kabisa.

Tuchukue Jumapili ya kawaida. Wali, maharage na mchuzi wa nyama vimeiva saa saba mchana. Watu wamekula, sufuria zimefunikwa, wageni wamekaa, na saa mbili usiku ndipo mtu anakumbuka kuviweka kwenye friji. Hizo ni saa saba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, likipita nyuzi 32, ni salama zaidi kuhesabu saa moja. Wali huo bibi asipewe, hata ukipashwa vipi.

Maharage na mchuzi vina hadithi tofauti kidogo. Bakteria wa sufuria kubwa ya nyama au maharage huzaana kwa kasi chakula kinapopoa polepole, ila hawa hudhuru wakiliwa hai kwa wingi na kutoa sumu yao tumboni. Kwa hiyo kuchemsha upya kunasaidia kweli: mchuzi utokote wote, ukikorogwa hadi chini, siyo kuchemka pembeni tu huku katikati pana ubaridi. Lakini baada ya saa saba nje, kwa mgonjwa wa kinga dhaifu bado tunasema hapana. Wanafamilia wengine wataamua wenyewe.

Dawa yake ni kumtengea mzee sehemu yake mapema, watu hawajaanza kula. Wali utandaze kwenye sinia, unene usizidi vidole vitatu, upoe upesi kisha uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Sufuria ya maharage iweke kwenye beseni la maji baridi, koroga, kisha gawanya kwenye vyombo vidogo. Kwa mzee, maliza kesho yake, na kipashwe mara moja tu. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hushika ubaridi kama saa nne. Ukizidi hapo, viporo vya mgonjwa vimekwisha.

Nyumba isiyo na friji itegemee kipimo cha kupika. Kikombe kimoja cha mchele kwa mlo wa mzee ni nafuu kuliko dripu. Hotipoti tunaipenda wote, lakini kazi yake ni kuweka chakula cha moto kikiwa moto, yaani juu ya nyuzi 60. Ukifunua na mvuke hautoki, hiyo imeshageuka kuwa mahali pazuri pa bakteria kuzaana.

Na kuna vinavyoliwa baridi. Soseji na poloni vikishafunguliwa vinaweza kubeba listeria, bakteria anayekua hata ndani ya friji. Mlipuko wa Afrika Kusini wa 2017 na 2018, uliotokana na poloni, uliua zaidi ya watu 200. Mgonjwa wako mpe vikiwa vimepikwa hadi vinatoa mvuke. Kachumbari na tikiti lililokatwa jana, aachane navyo.

Mzee akitapika na kushindwa kushika hata maji ya chumvichumvi, akikojoa kidogo, akichanganyikiwa, akipata homa au damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama anatumia insulini au vidonge vya kisukari, piga simu kliniki kabla ya dozi inayofuata, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla tumbo likiwa tupu.