Shati Lililorudishwa: Gharama za Ubora Katika Kiwanda cha Nguo

Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha Tabora mjini kilichoshona mashati 500 ya sare kwa shule moja ya Kaliua, kila shati shilingi 15,000. Mwenye kiwanda akiulizwa kasoro zimemgharimu kiasi gani, kwa kawaida atataja vitambaa vilivyoharibika. Nyingine hazioni, kwa sababu zimejificha ndani ya mishahara, nauli na manunuzi ya vitambaa.

Mwaka 1956 Mmarekani Armand Feigenbaum alieneza utaratibu wa kuzigawa gharama hizi. Kwa kiwanda chetu, kuwafundisha mafundi kushona kola na kufanyia vyerehani matengenezo kabla ya kazi kuligharimu 100,000: hiyo ni gharama ya kuzuia. Mkaguzi alilipwa 150,000, nayo ni ya ukaguzi. Yeye alikamata mashati 40 yenye kola zilizopinda. Kuyafumua na kuyashona upya, kuyakagua tena, pamoja na mashati machache yaliyotupwa kabisa, kulikula 124,000. Hiyo ni kasoro ya ndani, na hata ule ukaguzi wa pili unaandikwa humo, maana usingekuwepo kama kola zingenyooka.

Kisha mashati 60 yalirudi kutoka Kaliua. Yalifuliwa mara moja tu yakasinyaa. Kuyashona mengine kwa 9,000 kila moja ni 540,000, usafiri wa kwenda na kurudi 80,000. Yaliyorudi yana nembo ya shule, hayauziki kwingine. Kasoro ya nje imefika 620,000, zaidi ya nusu ya jumla yote ya 994,000, na jumla hiyo ni kama asilimia 13 ya mauzo.

Kinga yake ilikuwa rahisi. Kabla ya kukata, chukua kipande kutoka kila jora, chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, kifue, kikaushe, kisha pima tena. Ukipata 48 kwa urefu, kitambaa kimesinyaa asilimia 4; shati la urefu wa 70 likatwe karibu 73. Kupima huko ni ukaguzi, kurekebisha pateni ni kuzuia. Jora moja halitoshi kusemea mengine: mashati 60 huenda yalitoka kwenye jora moja tu.

Gharama moja huponyoka hata kwa mwandishi makini wa hesabu. Fundi anayelipwa kwa kipande akirudia kola bila malipo, daftari halionyeshi kitu, ilhali cherehani kimekaliwa na oda inayofuata inachelewa. Kwa hiyo andika pia saa zilizotumika kurudia, pamoja na mahali kasoro ilipogunduliwa. Kola ileile ikigunduliwa mezani kwa mkaguzi ni kasoro ya ndani. Ikigunduliwa Kaliua ni ya nje. Ama shule itakayohamia kwa mshonaji mwingine mwakani, hiyo iandikwe pembeni. Ukiibunia kiasi, utaharibu hesabu za kweli.