Masuala makuu na masuala madogo: jinsi mhakiki anavyoandika ripoti ya mswada wa utafiti wa bahari

Kabla makala ya kisayansi haijachapishwa katika jarida, mhariri huipeleka kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo hiyo ambao hawakushiriki katika utafiti, nao huisoma na kuandika ripoti. Wavuvi, wanafunzi wa vyuo na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe hapa Malindi wanapoambiwa kwamba utafiti fulani umehakikiwa, maana yake ni kwamba ripoti za namna hiyo ziliandikwa na waandishi wakazijibu. Umma hauoni ripoti hizo mara nyingi, ndiyo maana tumeona vyema kuonyesha, kwa mfano mmoja, jinsi ripoti nzuri inavyojengwa na kwa nini mpangilio wake una uzito.

Mswada tutakaoutumia tumeutunga kwa ajili ya maelezo haya, ingawa kila kasoro iliyomo ni ya kawaida katika kazi za aina hii. Tuseme waandishi walipima urefu wa tafi walioshushwa katika madiko mawili: Mayungu, lililo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, na Ngomeni, lililo mbali upande wa kaskazini. Walipima samaki 400 katika kila diko, wote wakiwa wamevuliwa kwa malema. Tafi wa Mayungu walitokea kuwa wakubwa zaidi kwa wastani, tofauti ikaonekana kuwa na nguvu sana kitakwimu, na waandishi wakahitimisha kwamba hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1968 na ambamo uvuvi umepigwa marufuku, inatoa samaki wakubwa wanaohamia kwenye maeneo ya wavuvi.

Mhakiki makini huanza ripoti yake kwa muhtasari mfupi wa mswada kwa maneno yake mwenyewe. Wahakiki wengi wachanga huiruka sehemu hii wakidhani ni ya adabu tu, lakini ina kazi mbili. Mwandishi akiusoma muhtasari huo hujua kama ameeleweka, na iwapo hakueleweka, hapo hapo anagundua kwamba maelezo yake yana utata. Mhariri naye, ambaye huenda si mtaalamu wa samaki, anapata kipimo cha kuamini yale yatakayofuata. Baada ya muhtasari huja ubora wa kazi, nao utajwe kwa kitu mahususi: kwa mfano, kwamba waandishi walipima samaki moja kwa moja ufukweni, vyombo vilipokuwa vikishusha, badala ya kutegemea kumbukumbu za wachuuzi. Sifa ya jumla kama “kazi ni nzuri na inavutia” haimsaidii mtu yeyote.

Ndipo yanapofuata masuala makuu. Kipimo cha kutenganisha suala kuu na suala dogo ni swali moja: je, jambo hili likirekebishwa, hitimisho la mswada linaweza kubadilika? Likiweza, ni suala kuu, hata kama kasoro yenyewe imejificha katika neno moja la sehemu ya mbinu. Lisipoweza, ni suala dogo, hata kama linamkera mhakiki kila ukurasa.

Katika mswada wetu suala kuu la kwanza linahusu nini hasa kilichohesabiwa. Waandishi wanasema wana samaki 400 kwa kila diko, na hesabu yao ya takwimu imemchukulia kila samaki kama ushahidi unaojitegemea. Lakini tukisoma sehemu ya mbinu tunakuta kwamba samaki hao walitoka katika safari 20 za uvuvi, samaki 20 kwa kila safari. Samaki waliotoka katika malema ya mvuvi mmoja, yaliyotegwa mahali pamoja siku moja, hufanana kuliko samaki waliookotwa huku na huko. Kufanana huko kuna kipimo chake, kinachoanzia sifuri na kuishia moja. Tukikadiria kuwa ni 0.3, hesabu ya kusahihisha ni hii:

```
1 + (20 - 1) × 0.3 = 6.7
400 ÷ 6.7 ≈ 60
```

Kwa maneno mengine, samaki 400 wa diko moja wanabeba taarifa inayolingana na ya samaki 60 hivi wanaojitegemea. Tofauti iliyoonekana kuwa na nguvu sana inaweza kupungua sana, na pengine kutoweka. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliandika makala iliyowaamsha wengi kuhusu kosa hili la kuhesabu vipimo vya kundi moja kana kwamba ni marudio huru, na bado wahakiki wanalikuta hadi leo.

Sehemu hiyo ya kwanza inatibika kwa uchambuzi mpya wa data zilezile, kwa kutumia modeli inayoitambua kila safari kama kundi. Kuna sehemu ya pili ambayo haitibiki kwa hesabu yoyote. Madiko ni mawili tu, moja karibu na hifadhi na moja mbali nayo, na kati yake Mto Sabaki unamwaga maji yake yenye udongo baharini, kaskazini ya mji wa Malindi. Tofauti ya urefu wa tafi inaweza kuwa imeletwa na hifadhi, au na tope la Sabaki, au na wingi wa wavuvi upande mmoja, na data hizi hazina njia ya kutuambia ni lipi kati ya hayo. Hata wangepimwa samaki elfu kumi katika madiko hayo mawili, swali lingebaki pale pale.

Hapa ndipo namna ya kuandika inapopima utu na ustadi wa mhakiki. Mhakiki mmoja anaweza kuandika: “Takwimu hazina maana na waandishi hawaelewi usanifu wa utafiti.” Mwandishi akiisoma sentensi hiyo anaumia, na hajui afanye nini kesho asubuhi. Ripoti yenye manufaa ingesema hivi: “Katika ukurasa wa 7, mstari wa 142 hadi 150, kila samaki amechukuliwa kuwa kipimo kinachojitegemea, ingawa samaki walitoka katika safari 20 kwa kila diko. Ninaomba waandishi warudie uchambuzi wakizingatia safari kama kundi, na waonyeshe idadi ya safari kwenye jedwali. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kila hali inawakilishwa na diko moja tu, athari ya hifadhi haiwezi kutenganishwa na athari ya Mto Sabaki. Iwapo waandishi wana vipimo vya madiko mengine yaliyo katika umbali tofauti na hifadhi, yakiwemo ya upande wa kusini, viongezwe. Iwapo hawana, ninapendekeza hitimisho lipunguzwe liwe maelezo ya tofauti kati ya madiko haya mawili, na kichwa cha mswada kibadilishwe.”

Aya hiyo imetaja mahali kasoro ilipo, imeeleza kwa nini inagusa hitimisho, kisha ikatoa njia mbili za kutoka, mojawapo ikiwa haihitaji fedha wala msimu mwingine baharini. Kwangu mimi njia hiyo ya pili ndiyo alama ya ripoti inayojenga. Kudai utafiti mpya ni rahisi kwa anayedai. Mhakiki hana budi kujiuliza kama mswada unaweza kusimama kwa dai dogo zaidi ambalo data zake zinalibeba.

Suala kuu la pili ni zana. Mswada unasema “malema” katika madiko yote mawili na kuishia hapo. Lakini malema hayalingani: ukubwa wa macho hutofautiana, na katika pwani ya Kenya yapo malema yaliyowekewa mwanya maalumu ili samaki wadogo watoroke. Ikiwa wavuvi wa diko moja wanatumia malema yenye mwanya na wa diko jingine hawatumii, wastani wa urefu utatofautiana hata kama samaki walioko majini ni sawa kabisa. Mhakiki anaomba ukubwa wa macho na uwepo wa mwanya vitajwe kwa kila safari. Anaweza pia kuuliza tarehe, kwa sababu vipimo vya kusi haviwezi kulinganishwa kirahisi na vya kaskazi, wakati wavuvi wanafika mbali zaidi.

Masuala madogo huandikwa kwa ufupi, kila moja kwa nambari yake na mstari wake. Mchoro wa pili hauonyeshi kama vile vistari vya juu na chini ni mkengeuko sanifu au kosa sanifu. Ramani haina kipimo cha umbali. Haikuelezwa kama urefu ulipimwa hadi ncha ya mkia au hadi kwenye panda yake, jambo linalobaki dogo maadamu njia moja ilitumika katika madiko yote mawili. Kusahihisha kila kosa la tahajia si kazi ya mhakiki. Inatosha kutaja kwamba lugha inahitaji kupitiwa na kutoa mfano mmoja au miwili.

Yapo masuala yanayovaa nguo ya udogo ilhali ni makubwa. Mswada unaandika “tafi” bila kutaja spishi. Jina hilo wavuvi wanaweza kulitumia kwa zaidi ya spishi moja ya jenasi Siganus, na Siganus luridus kwa kawaida hafikii ukubwa wa Siganus sutor. Ikiwa mchanganyiko wa spishi katika diko la Ngomeni si sawa na wa Mayungu, tofauti yote ya urefu inaweza kuwa ni tofauti ya spishi. Mhakiki anayelipitisha jambo hili chini ya orodha ya masuala madogo, kama suala la kuandika jina kwa usahihi, amekosea mahali pa kuliweka, na mwandishi anaweza kulijibu kwa kuongeza maneno mawili ya Kilatini bila kurudi kwenye data.

Ushauri wa kukubali au kukataa mswada hauwekwi katika maelezo yanayokwenda kwa waandishi. Huandikwa katika sehemu ya siri ya mhariri, kwa kuwa uamuzi ni wake na wahakiki wanaweza kutofautiana. Huko huko ndiko mhakiki anakotaja mgongano wa maslahi, kwa mfano kama amewahi kufanya kazi na mmoja wa waandishi, ingawa inafaa zaidi autaje kabla ya kukubali kuhakiki. Kilicho wazi pia ni kwamba mhakiki hakuwako ufukweni. Anaona kilichoandikwa, na kwa kawaida hawezi kujua kama vipimo vilichukuliwa kweli kama inavyodaiwa.

Mswada ukirudi baada ya marekebisho, mhakiki husoma majibu ya waandishi kwa kufuata nambari za masuala yake ya awali. Haki inamtaka asizue madai mapya juu ya mambo yaliyokuwemo tangu mwanzo, isipokuwa uchambuzi mpya wenyewe ndio umeyafichua. Yapo majarida, kama eLife, yanayochapisha tathmini za wahakiki pamoja na makala. Anayetaka kuzisoma aanze na masuala makuu, kisha afungue ikisiri ya makala na kutazama kama dai lililotiliwa shaka bado limeandikwa kwa nguvu ile ile.